Ripoti ya Wakala wa Nyumba



Dada mmoja wa hapa Mombasa alifiwa na mumewe, akamwachia yeye na watoto jengo la nyumba nane huko Nakuru, mtaa wa Section 58. Naye akiwa ndani ya eda, safari ya zaidi ya kilomita 600 haikuwa ya kufikiriwa. Alichokuwa nacho mkononi ni karatasi moja ya wakala iliyosema: mapato shilingi 90,000. Marehemu hakuacha warithi wengine, basi akataka kutoa thumuni yake na kuwawekea watoto kilichobaki. Kabla ya kugawa, alituletea karatasi ile tuisome pamoja.

Kila nyumba hukodishwa 12,000 kwa mwezi, hivyo nane zikilipa zote ni 96,000. Nyumba ya sita ilikuwa tupu, na mpangaji wa nyumba ya tatu alikuwa amelipa nusu. Kodi iliyoingia, kwa hesabu hiyo, ni 78,000. Zile 12,000 zilizozidi zilitoka wapi? Tulimwuliza wakala, akajibu bila kusita kwamba mpangaji mpya wa nyumba ya nane ameweka dipoziti.

Kosa hili ni la kawaida mno, na si lazima liwe la hila. Dipoziti si pato. Ni mali ya mpangaji iliyowekwa amana, naye atarudishiwa siku atakapohama, baada ya kukatwa alichoharibu au anachodaiwa. Lau ingegawanywa, mama angekula 1,500 ya mtu mwingine, na watoto wangekula zilizobaki. Isitoshe, wakala alikata ujira wake wa asilimia 8 katika zile 90,000, akachukua 7,200, hali mapatano yalikuwa ujira hutokana na kodi iliyokusanywa. Haki yake ilikuwa 6,240. Alikubali, akarekebisha, na dipoziti ikaandikwa katika safu yake peke yake, pamoja na jina la mpangaji na tarehe.

Baada ya hapo hesabu ilisomeka hivi. Katika 78,000 ulitoka ujira wa wakala 6,240, mshahara wa mlinzi wa jengo 8,000, tokeni za taa za nje 1,800, na matengenezo ya pampu ya maji 9,500. Ukatoka pia ushuru wa serikali, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15. Ushuru huo hukatwa katika kodi yote kabla ya kutoa gharama yoyote, kwa hiyo pampu haikuupunguza: ulikuwa 5,850. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwenye mali adai risiti yake yenye PIN yake mwenyewe, si maneno ya "nimelipa". Kilichobaki kilikuwa 46,610, na hicho ndicho kilichogawanywa.

Kuhusu pampu, palikosekana risiti. Wakala aliileta baadaye, pamoja na picha ya kifaa kilichotolewa, na wakaafikiana kwamba tengenezo lolote linalopita 5,000 aulizwe mwenyewe kwanza, isipokuwa maji yakiwa yanafurika.

Lililotutia shaka zaidi ni ile nyumba tupu. Ripoti ilisema haina mtu tangu mwezi uliotangulia, lakini mita yake ya maji ilikuwa imepanda kwa yuniti saba, yaani lita 7,000. Nyumba isiyo na mtu hainywi maji. Hapa wengi wetu tungekwisha kusema kwamba wakala amempangisha mtu kwa siri na anakula kodi, na mimi nakiri niliwaza hivyo.

Lakini mita inaweza kusema mambo mawili. Tukamwomba jamaa mmoja aliyeko Nakuru aende na wakala, wafunge mifereji yote ndani ya nyumba, kisha waitazame mita kwa nusu saa. Ikisimama, maji yale yalitumiwa na mtu. Ikizidi kuzunguka, pana mahali panapovuja. Ilizunguka. Boya la tangi la choo lilikuwa limekwama, na maji yakimiminika chooni mchana na usiku bila sauti. Vumbi lilikuwa limetanda sakafuni, hapana dalili ya mkaaji.

Boya lilibadilishwa siku ile ile. Ripoti ya mwezi uliofuata ilikuja na safu mpya kwa kila nyumba tupu: tangu lini, sababu, kodi inayotakwa, na namba ya mita mwanzo na mwisho wa mwezi.