Bei ya Kufunga na Siku ya Mwisho: Somo kwa Mwenye Kahawa

Mnunuzi wa kahawa upande wa Nyakahura anajua kupima gunia, anajua nauli ya lori na riba ya benki. Kitu kimoja hakimo mikononi mwake, nacho ni bei ya robusta ya London, ambayo hupangwa mbali naye. Mwaka 2024 bei hiyo ilivuka dola 5,000 kwa tani. Katikati ya mwaka 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 3,500. Aliyejaza ghala kwa bei ya juu na kusubiri alijikuta na mzigo usiorudisha hata mkopo.

Dawa mojawapo ni chaguo la kuuza. Unalipa ada leo, unapata haki ya kuuza kwa bei iliyofungwa hadi siku fulani. Bei ikianguka unaitumia haki hiyo, na ikipanda unaiacha na kuuza kahawa yako kwa bei nzuri. Hasara yako kwenye chaguo haizidi ada uliyolipa. Si jambo geni nchini kwetu, kwani chama kikuu cha ushirika cha KNCU cha Kilimanjaro kilinunua kinga ya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Wengi wanaposikia habari hii huuliza kwanza, "Lipi la bei rahisi?" Kwa maoni yetu, swali hilo ndilo linalowaponza. Ya kuuliza ni mawili: nifunge bei ipi, na haki yangu iishe lini?

Tuchukue mfano, tukitumia tarakimu za kufundishia tu. Ni mwezi wa Julai. Mnunuzi mwenye leseni amenunua mnadani kahawa ya maganda, na baada ya kukoboa atakuwa na tani 20 za kahawa safi. Mkataba mmoja wa London ni tani 10, hivyo anahitaji mikataba miwili. Akijumlisha bei ya ununuzi, ukoboaji, usafiri, ushuru na riba, gharama yake ni dola 3,500 kwa tani. Bei ya London ni 4,150. Anatarajia kukamilisha mauzo wiki ya kwanza ya Novemba.

Sasa atazame chati. Katika miezi iliyopita bei imeshuka mara tatu hadi karibu na 4,000, na mara zote tatu wanunuzi wamejitokeza ikapanda tena. Hiyo 4,000 ndiyo sakafu. Maana yake ni kwamba ikishikilia, hana la kuhofia. Ikivunjika, wale walioitetea hugeuka wauzaji ili waokoe fedha zao, na bei huweza kuporomoka mbali kwa siku chache.

Tuseme ada kwa tani ni hizi: kufunga 4,000 ni dola 350, kufunga 3,800 ni dola 255, na kufunga 3,500 ni dola 150. Atoe ada kwenye bei iliyofungwa, ndipo atakapojua amebakiwa na nini siku mambo yakiharibika. Kwa 4,000 anabaki na 3,650. Kwa 3,800 anabaki na 3,545. Kwa 3,500 anabaki na 3,350.

Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, nayo ndiyo mtego. Gharama yake ni 3,500, kwa hiyo amelipia kinga ambayo bei ikiporomoka itamwachia hasara ya dola 150 kwa kila tani. Mpunguzie bei namna gani, kinga isiyofikia mtaji haimfai mwenye deni.

Baina ya mbili zilizobaki, sisi tunachagua 3,800. Sababu iko kwenye chati yenyewe. Bei hupenda kuchungulia chini ya sakafu kwa siku moja au mbili, ikafika labda 3,950, kisha ikarudi juu. Anayefunga pale pale 4,000 analipia hata michungulio hiyo, na hapa inamgharimu dola 95 zaidi kwa tani, yaani dola 1,900 kwa mzigo wote. Kuvunjika kwa kweli huonekana bei inapofunga siku kadhaa chini ya sakafu na kushindwa kurudi. Hapo 3,800 huanza kufanya kazi, na mtaji bado uko salama. Kanuni ni hii: bei ya kufunga ikae chini ya sakafu kidogo, lakini ukiitoa ada isishuke chini ya gharama yako. Kama hakuna bei inayotimiza yote mawili, ujue kahawa uliinunua ghali, na chati haitakuokoa.

Linalofuata ni siku ya mwisho, na hapa jina la mwezi huwadanganya watu. Mwenye mauzo ya Novemba hukimbilia chaguo la Novemba. Chaguo hilo huisha mwezi unaotangulia, kwa kawaida Jumatano ya tatu ya Oktoba. Kahawa yake itabaki uchi kwa takriban wiki mbili au tatu, na lori likikwama au meli ikichelewa, muda huo utaongezeka. Anayestahili kununua ni la Januari, ambalo huisha Desemba. Ada tulizotaja hapo juu ni za hilo. La Novemba la 3,800 lingekuwa labda dola 170. Ile tofauti ya dola 85 haipotei yote, kwani akiuza kahawa mapema Novemba ataliuza na chaguo lililobakiwa na muda.

Tuone mwisho wake. Novemba imefika, sakafu imevunjika, bei ni 3,400. Chaguo lina thamani isiyopungua dola 400 kwa tani, yaani dola 8,000. Kahawa anaiuza 3,400, anaongeza 400, anatoa ada 255, anabaki na 3,545. Amepata faida ndogo ya dola 45 kwa tani, na benki imelipwa. Kama sakafu ingeshikilia bei ikabaki 4,150, angebakiwa na 395 baada ya ada. Aliyefunga 4,000 angepata 300.

Tusifiche mipaka yake. Kinga hii inalinda bei ya London, hailindi pengo kati ya London na Bukoba, ambalo hubadilika kwa ubora wa kahawa na wingi wa wanunuzi. Tena hailindi shilingi dhidi ya dola. Ada hulipwa mapema na taslimu, hapa dola 5,100, nayo lazima iingizwe kwenye hesabu kabla ya kupanda bei mnadani. Na mwenye tani tatu hawezi kununua mkataba wa tani 10. Huyo inambidi apitie chama kikuu, benki au msafirishaji mkubwa, na amuulize mambo mawili kwa maandishi: umefunga bei gani, na haki hiyo inaisha tarehe ngapi?

Atakayejibiwa "tumechukua ile ya bei nafuu, ya Novemba," asitie sahihi.