Tusiombe saa nyingine, tuombe kipindi cha pili

Ndugu zangu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, wauguzi, walinzi, mafundi wa mitambo, nyote mnaofanya kazi kwa zamu na kusoma jioni: muhula mpya unakaribia, na kila mmoja wetu ameanza kumwandikia mratibu barua yake. Mmoja anaomba masomo yaanze saa 15:00, mwingine saa 18:30, mwingine asubuhi. Mratibu akisoma barua tano zinazopingana, haki yake ni kuziweka zote kando. Nawaombeni tuandike moja.

Kwanza tulielewe tatizo lenyewe. Hapa Kindu masomo mengi hufundishwa na profesa mgeni anayekuja kwa siku chache, anamaliza somo zima kwa mfululizo, kisha anaondoka. Tuchukue somo la saa 30 linalofundishwa kuanzia saa 17:00 hadi 20:00, jioni kumi, yaani wiki mbili za Jumatatu hadi Ijumaa. Sasa tuchukue kazi yenye zamu tatu zinazobadilishana kila wiki: asubuhi 6:00 hadi 14:00, mchana 14:00 hadi 22:00, usiku 22:00 hadi 6:00. Aliye kwenye zamu ya asubuhi anafika darasani. Wa usiku naye anafika, akishalala mchana. Lakini wiki ya zamu ya mchana inameza jioni zote tano, saa 15 kati ya 30. Na kwa kuwa somo linachukua wiki mbili katika mzunguko wa wiki tatu, makundi mawili kati ya matatu yataikuta wiki hiyo ndani ya somo. Wanaopona ni kundi moja tu.

Ndiyo maana kusogeza saa hakutusaidii. Tukihamia saa 8:00 asubuhi, wa zamu ya asubuhi ndio watakaokosa, na wa usiku watasinzia darasani. Tutakuwa tumehamisha hasara tu, kutoka kwa mwenzetu mmoja kwenda kwa mwingine. Sheria nayo haitatutoa hapo: Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mpaka wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mwajiri anayepanga zamu ya saa nane inayoisha saa 22:00 hajauvuka.

Kinachotusaidia ni somo lilelile kufundishwa mara mbili kwa siku: saa 9:00 hadi 12:00, na tena saa 17:00 hadi 20:00. Wa zamu ya mchana anasoma asubuhi kabla ya kwenda kazini, wengine wanasoma jioni. Hakuna anayekosa. Wenzetu wa Alunguli wanaoogopa kuvuka mto gizani nao watapata nafasi, wiki zamu inaporuhusu.

Kuna gharama: profesa atafundisha saa mara mbili, naye atataka kulipwa. Kwa hiyo tusiombe masomo yote. Tuombe yale ya mfululizo peke yake, na tuweke ombi la akiba: kalenda ya masomo itoke mapema. Ratiba ya zamu ikishatiwa saini, kubadilishana na mwenzako ni kumbembeleza yeye na mkuu wako pia. Kalenda ikitangulia, mkuu anapanga akijua.

Barua-pepe iwe fupi hivi:

*Mada: Masomo ya mfululizo na wanafunzi wa zamu*

*Mheshimiwa Mratibu,*

*Sisi tuliotia saini hapa chini tunafanya kazi kwa zamu zinazobadilika kila wiki. Somo la jioni kumi linapoikuta wiki yetu ya zamu ya mchana, tunakosa nusu yake. Jedwali la zamu zetu limeambatanishwa.*

*Tunaomba mambo mawili. La kwanza, masomo ya mfululizo yawe na kipindi cha pili, saa 9:00 hadi 12:00. La pili, ikiwa hilo haliwezekani, kalenda ya kila mwezi itolewe kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaotangulia, ili tubadilishane zamu na wenzetu.*

*Wawakilishi wetu wawili wako tayari kuja ofisini siku utakayopanga.*

Tutaituma kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi. Kabla ya hapo kila mmoja ampe shefu wa promosheni yake nakala ya ratiba yake ya zamu ya wiki tatu, jina la mwajiri likiwa limefunikwa kama anahofia. Jedwali hilo ndilo litakaloonyesha wangapi wanakosa nini na lini. Bila hilo barua yetu ni malalamiko tu. Na aliyekwisha andika barua yake binafsi asiitume. Alete saini yake huku.