Mtoto akipiga picha swali la hesabu: maswali saba kutoka klabu ya shule

Mzazi mwenzangu, wiki mbili zilizopita mwalimu mlezi wa klabu ya kompyuta katika shule anayosoma binti yangu alinipigia simu akiwa na jambo. Aligundua kwamba wanafunzi wake kadhaa wanapiga picha maswali ya hesabu, wanazituma kwenye programu za kuchati zenye akili mnemba, kisha wananakili majibu. Shuleni simu haziruhusiwi. Kwa hiyo kazi hiyo inafanyika nyumbani jioni, kwenye simu yako na yangu.

Mwalimu hakutaka kukataza tu. Aliniomba nimsaidie kuandaa karatasi ya maswali na majibu ya kubandika ukutani kwenye chumba cha klabu. Maswali yalitoka kwa watoto wenyewe. Naiweka hapa, maana msomaji wake wa pili ni mwenye simu.

Swali la 1: Programu inaiona picha kama sisi tunavyoiona?

Hapana. Picha ya simu ni vidoa vidogo vya rangi vinavyoitwa pikseli. Picha yenye upana wa pikseli 4000 na kimo cha pikseli 3000 ina pikseli milioni 12. Hizo ni nyingi mno, kwa hiyo mara nyingi picha kubwa hupunguzwa kwanza, ndipo programu iisome. Tuseme upana umepunguzwa kutoka 4000 hadi 1000. Tarakimu iliyokuwa na kimo cha pikseli 20 sasa inabaki na 5. Wewe ukiikuza picha yako kwenye kioo bado unaisoma vizuri, lakini nakala iliyofika kule tarakimu hiyo imekuwa doa.

Baada ya hapo picha hukatwa vipande vya mraba, kama vigae vya sakafu. Mwaka 2020 watafiti wa Google walichapisha njia ya kukata picha kwa miraba ya pikseli 16 kwa 16, na programu nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo. Kila mraba hugeuzwa kuwa orodha ya namba, na programu hutumia namba hizo pamoja na maneno yako kutunga jibu, neno baada ya neno.

Swali la 2: Basi ni kazi gani inaiweza?

Maandishi ya kuchapwa, makubwa na yenye mwanga wa kutosha, huyasoma vizuri, hata ya Kiswahili. Ukiipa tangazo la Kiingereza itakueleza kwa Kiswahili linasema nini. Ukiipa mchoro wa moyo au wa ua kutoka kitabuni, inaweza kueleza sehemu zake na kazi zake, maana michoro ya namna hiyo imejaa katika picha ilizofundishiwa. Mwandiko wa mkono ulionyooka nao huusoma mara nyingi, ila hapo lazima uhakiki.

Swali la 3: Na inakosea wapi?

Pale jibu linapotegemea kitu kidogo au mahali hasa kilipo. Kuhesabu maembe yaliyolundikana, kusoma mishale ya saa ya ukutani, kusoma kipimo kwenye rula, kufuata mstari mmoja kati ya mingi inayopishana: hizo ni kazi ambazo mtoto wa darasa la nne anaweza kuishinda. Makosa ya tarakimu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayaonekani kirahisi kwenye jibu.

Swali la 4: Tutajuaje kwamba imekosea?

Hapa klabu ilifanya jaribio kwa simu ya mwalimu. Alichora ubaoni pembetatu ABC ambayo upande AB ni sawa na AC. Pembe ya A ilikuwa nyuzi 34, na alitaka pembe ya B. Mtoto mmoja alinakili kwa penseli kwenye daftari. Picha ikapigwa kwa mbali, ukurasa mzima, kivuli cha mkono kikiwa juu yake.

Jibu lilikuja na hatua zake zote. Toa 84 katika 180, unapata 96. Gawanya kwa 2, pembe ya B ni nyuzi 48. Hesabu haina kosa hata moja. Tatizo ni kwamba daftarini hakuna 84. Tarakimu 3 ya penseli ilisomwa kuwa 8. Njia sahihi ilikuwa kutoa 34 katika 180 na kupata 146, kisha kugawanya kwa 2 na kupata 73.

Mtoto anayesoma hatua tu hatagundua, kwa sababu hatua ni safi. Atagundua akirudi kwenye swali lake. Pembe tatu za pembetatu lazima zifike 180. Chukua 48 na 48, ongeza 34 ya daftarini, unapata 130. Hapo kuna kitu hakiko sawa.

Ndiyo maana klabu imeweka utaratibu huu. Kwanza piga picha ya swali moja tu, kwa karibu, mchana au chini ya taa, karatasi ikiwa imenyooka. Pili, usiombe jibu. Andika hivi:

```
Andika swali kama lilivyo kwenye picha. Usitatue.
Pasiposomeka andika HAISOMEKI.
```

Tatu, weka daftari kando ya simu na linganisha tarakimu moja moja. Zikiwa sawa, mtoto ajaribu mwenyewe kwanza, kisha aombe ufafanuzi wa hatua iliyomshinda. Zikiwa tofauti, aandike swali kwa maneno badala ya picha. Kwa pembetatu ile inatosha kuandika kwamba AB ni sawa na AC na pembe ya A ni nyuzi 34.

Swali la 5: Kwa nini haisemi tu kwamba haijaona?

Kwa sababu inatunga maneno yanayoelekea kufuata, na palipo na ukungu inajaza kinachoelekea kuwepo. Wakati mwingine hukiri kwamba picha haisomeki, lakini usitegemee itakiri kila mara. Sauti yake huwa ileile, iwe imesoma au imebuni. Mtu asiyeona vizuri hukunja uso na kusogeza karatasi karibu, nawe unajua ana shaka. Programu haina uso wa kukunja.

Pia huelekea kukubaliana na muulizaji. Jaribu nyumbani: weka vikombe viwili mezani, piga picha, kisha uliza, "Hivi vikombe vitatu vina rangi gani?" Huenda ikakusahihisha, au ikakutajia rangi ya kikombe cha tatu ambacho hakipo. Kwa hiyo mtoto asiulize, "Jibu langu 48 ni sahihi, eti?" Aulize, "Kwenye picha kuna nini?"

Swali la 6: Mama anaweza kupiga picha chupa ya dawa na kuuliza kipimo?

Swali hili aliliuliza mvulana mmoja, na darasa lilinyamaza. Alisema mdogo wake alikuwa na homa usiku, maandishi ya kalamu kwenye chupa yalikuwa yamefifia, na mama yake alifikiria kutumia simu.

Jibu la klabu ni hapana, na sababu ni ileile ya pembetatu. Mfamasia ameandika 2.5 ml. Nukta ile ni kidoa kimoja cha wino. Picha ikipunguzwa, nukta inaweza kupotea, na kinachobaki ni 25 ml, yaani mara kumi ya kipimo. Au programu ikajaza kipimo cha kawaida cha dawa hiyo, ambacho si kile alichoandikiwa mtoto wako kwa uzito na umri wake. Kwenye hesabu unapoteza alama. Hapa unaweza kumdhuru mtoto.

Simu bado inaweza kukusaidia kwa njia nyingine. Piga picha ya lebo kwa karibu, kisha ikuze kwa vidole viwili na uisome kwa macho yako mwenyewe. Hapo simu inafanya kazi ya kioo cha kukuzia, na anayesoma ni wewe. Isiposomeka hata hivyo, usipime dawa kwa kukisia. Piga simu duka la dawa au kituo cha afya ulikoipata, au mpeleke mtoto.

Hali ni hiyohiyo kwa uyoga wa porini na vipele vya ngozi. Picha haina harufu, haina joto, haisemi kipele kilianza lini wala kama mtoto ananyonya vizuri. Mganga huyauliza hayo kabla hajasema neno.

Swali la 7: Picha tukishaituma inakwenda wapi?

Inatoka kwenye simu na kwenda kwenye seva za kampuni yenye programu, mara nyingi nje ya nchi. Huko inaweza kuhifadhiwa, na kwa baadhi ya programu inaweza kutumika kuzifundisha programu zijazo, isipokuwa umezima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Kufuta mazungumzo kwenye simu yako si lazima kuwe kumefuta nakala ya kule siku hiyohiyo.

Kwa hiyo klabu imekubaliana kwamba kabla ya kutuma, picha ikatwe libaki swali peke yake. Jina juu ya daftari, sare yenye nembo ya shule, kadi ya kliniki na sura ya mtoto mwingine visiwemo. Mzazi naye aangalie umri unaoruhusiwa na programu hiyo. Nyingi hutaka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na wanafunzi wengi wa shule ya msingi hawajafika. Hao watumie ukiwa umekaa nao, simu ikiwa mkononi mwako.

Karatasi ilipokuwa tayari kubandikwa, binti mmoja alinyoosha mkono. Aliuliza, tukiuliza mara ya pili na jibu likawa lilelile, si ndiyo uthibitisho? Mwalimu alimjibu kwamba katika mazungumzo yaleyale programu inaona ilichosema mwanzo na huelekea kukirudia. Ukitaka kuipima, fungua mazungumzo mapya, piga picha mpya kwa karibu zaidi, na uombe iandike swali tu. Majibu mawili yakitofautiana, umejua kwamba walau moja ni la kubuni. Yakifanana, bado daftari ndilo linaloamua.

Jioni hiyo nyumbani nilimwona binti yangu akiwa na daftari kushoto na simu yangu kulia, kidole kikitembea kutoka tarakimu hadi tarakimu. Ilimchukua kama dakika mbili kwa swali moja. Akaniambia, "Baba, hii imeandika 6, mimi niliandika 0." Kisha akaiweka simu chini na kulitatua mwenyewe.