Hadithi ya Watoto: Petro Mwenye Jambo

Hadithi ya mwezi huu nimeiandika kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake yuko ng'ambo kwa kazi. Watoto wa namna hiyo siku hizi si wachache katika nyumba zetu, maana akina mama wengi wamekwenda Omani na Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Basi mtu mzima na aisome kwa sauti, mtoto akiwa karibu naye, wala asimwulize mtoto neno lo lote mpaka itakapokwisha.

Palikuwa na mtoto mmoja jina lake Petro, umri wake miaka 9. Alikaa na bibi yake, mzaa mama, katika kijiji karibu na Muheza, mahali penye michungwa mingi. Mama yake alikuwa Maskati, mji mkuu wa Omani, akitumika katika nyumba ya watu. Kazi yake ilikuwa kupika, kufua, kupiga pasi, na kumlea mtoto wa nyumba ile, mwenye miaka 4. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na katika hiyo ulikuwa umekwisha kupita mwaka mmoja na mwezi mmoja.

Mama alipiga simu kila Ijumaa usiku. Saa za Maskati zatangulia saa zetu kwa saa moja. Basi alipomaliza kuosha vyombo saa nne huko, Muheza ilikuwa saa tatu, na Petro alikuwa akisinzia juu ya mkeka. Bibi humtikisa bega na kumwambia, "Amka, mume wangu, mama yako huyu." Naye Petro huishika simu, na maneno yao yalikuwa yale yale kila juma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Shule je?"

"Nzuri."

Kisha simu hurudi kwa Bibi, nao wawili wakaongea habari za mabati ya nyumba na sare za shule, na Petro akalala tena.

Hata Ijumaa moja, mama alipokuwa akisema naye, mtoto wa nyumba ile akaamka akilia. Petro alisikia kilio chake, tena akasikia mama akiiweka simu kando na kumbembeleza. Akamwimbia wimbo wa kumlaza, nao ulikuwa wimbo ule ule aliokuwa akimwimbia Petro zamani. Yule mtoto akanyamaza. Petro akaikata simu, akamrudishia Bibi, akasema, "Mtandao umekatika."

Tangu siku ile tumbo likaanza kumwuma. Bibi hakufanya mzaha na tumbo la mtoto. Akampeleka zahanati, akatobolewa kidole kupimwa malaria, na choo chake kikaangaliwa kwa minyoo. Hakukuonekana kitu. Mganga akamwuliza Bibi maswali mazuri: Je, ana homa? Anaharisha? Anapungua mwili? Maumivu humwamsha usiku? Bibi akajibu la kwa yote. Mganga akamwambia, "Basi mwangalie ni siku gani linamwuma, na ni siku gani haliumi. Likibadilika, au homa ikija, mrudishe upesi."

Bibi akaangalia. Akaona ya kuwa Jumatatu mtoto hucheza mpira mpaka giza. Alhamisi jioni huacha nusu ya ugali wake. Ijumaa tumbo humshika tangu asubuhi, na saa tatu ya usiku ikifika Petro haonekani, yumo bandani mwa mbuzi. Jumamosi ni mzima kabisa.

Bibi alipotambua hayo alifanya kosa, nalo ni kosa tulifanyalo wengi kwa kupenda. Akamwambia, "Mjukuu wangu, usimtie mama yako simanzi. Yuko mbali, anafanya kazi kwa ajili yako. Ukilia wewe, yeye atashindwa kazi." Petro akaitika, "Ndiyo, Bibi." Akachukua neno lile akalibeba pamoja na lile la kwanza, na mzigo ukawa wa mawili.

Shuleni palikuwa na mwalimu aliyefundisha Kiswahili. Siku moja akawaeleza watoto asili ya salamu. Akaandika ubaoni neno "hujambo", akasema, "Ndani ya neno hili mna swali: je, huna jambo? Yaani, hakuna lililokupata? Na ajibuye 'sijambo' husema, sina jambo, hakuna lililonipata." Watoto wakaandika, kengele ikalia, wakatoka mbio. Petro akabaki.

"Mwalimu," akasema, "na mtu mwenye jambo, ajibu nini?"

Mwalimu alikuwa akifuta ubao. Hakugeuka upesi. Akasema, "Asema, nina jambo."

"Si utovu wa adabu?"

"Si utovu wa adabu. Aliyeuliza ameuliza."

Hakumwuliza, "Jambo gani?" Akampa kitambaa amsaidie kufuta, nao wakafuta pamoja, kila mmoja upande wake. (Walimu wenzangu, hapa tuangalie sana. Mtoto anayetazamwa usoni hufunga kinywa, bali mikono yake ikiwa na kazi, maneno hutoka yenyewe. Wala tusimsimamishe mbele ya darasa aeleze habari za nyumbani kwao.) Walipofika katikati ya ubao Petro akasema, "Nyumbani tupo sita, lakini naona kama niko peke yangu." Mwalimu akasema, "Hali hiyo ina jina. Huitwa upweke. Mtu aweza kuwa mpweke hata nyumba imejaa, maana anayemkosa ni mmoja tu." Petro akalirudia neno lile polepole, kama mtu ajaribuye kiatu.

Jioni ile akamwambia mbuzi. Usicheke, mtoto usomaye. Mbuzi ni msikilizaji mwema, hakatizi maneno. Petro akasema, "Nina jambo. Nina upweke." Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, na mbingu haikuanguka.

Siku ya pili akamwendea Bibi jikoni, alipokuwa akikuna nazi. Akasema, "Bibi, nina jambo." Bibi akafungua kinywa amwambie nyamaza, kisha akakumbuka tumbo la siku za Ijumaa, akaendelea kukuna. Petro akasema, "Mama anamlaza yule mtoto. Anamwimbia wimbo wangu. Mimi ananilaza nani?"

Bibi akaiacha mbuzi ya nazi. Ulimi wake ulikuwa na majibu mengi: kwamba mama atakuja karibu, kwamba atamletea baiskeli, kwamba wavulana hawalii. Yote matatu akayameza. La kwanza halikuwa kweli, la pili halikuwa jibu la swali lililoulizwa, na la tatu yeye mwenyewe hakulisadiki, maana alikwisha kumwona babu yake Petro akilia. Akasema tu, "Kumbe hilo ndilo lililokuwa tumboni." Akamkalisha karibu naye. Baada ya kitambo akasema, "Mimi nalikuambia usimlilie mama yako. Nalikosea. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mwambie."

Lakini kumwambia mama kwa simu, sauti kwa sauti, Petro hakuweza. Aliogopa kusikia mama akilia, asijue la kufanya. Basi Bibi akamwonyesha jinsi ya kumpelekea ujumbe wa sauti, ambao mtu husema peke yake na mwenzake akausikia baadaye, apatapo nafasi. Petro akaichukua simu mpaka bandani. Mara ya kwanza akasema salamu tu, akaifuta. Mara ya pili alisema kwa hasira, akaifuta pia. Mara ya tatu akasema hivi:

"Shikamoo, mama. Leo usiniulize hujambo, maana nina jambo. Nina upweke. Ule wimbo ulikuwa wangu, nawe umempa yule mtoto. Nalikata simu mimi, si mtandao. Basi."

Ujumbe ukaenda. Usiku ule haukuja neno, na Petro hakulala vizuri. Nasema hivi ili mtoto asidhani ya kuwa kusema ni jambo jepesi, na kwamba ukisema leo, leo hii moyo utatulia. Mama hakuwa na simu mkononi mchana kutwa. Alipewa nafasi usiku tu, na siku ile palikuwa na wageni.

Jibu likaja kesho yake usiku. Kwanza palisikika kimya, na maji yakitiririka karoni. Kisha mama akasema:

"Petro mwanangu, nimekusikia. Nimesikiliza mara mbili. Ni kweli, mtoto huyu ninamlaza mimi. Ndiyo kazi yangu. Wimbo nalimwimbia kwa kuwa sijui mwingine, na kila niuimbapo ninakuona wewe. Lakini ulikuwa wako, nami sikukuuliza. Imebaki miezi 11. Siwezi kuja kabla yake, wala sitakudanganya. Na mimi, mwanangu, nina jambo. Kila Ijumaa ulipokuwa ukisema sijambo, nalijua si kweli, nami nikasema sijambo, na yangu haikuwa kweli."

Hapo sauti ikabadilika. Petro akajua mama analia. Akamtazama Bibi, na Bibi hakuichukua simu. Petro naye akalia, wakakaa hivyo wote wawili mkekani mpaka ujumbe ukaisha. Kisha akasema, "Bibi, weka tena nisikie."

Bibi na Petro wakachukua kalenda ya ukutani, wakahesabu Ijumaa zilizobaki, wakaona ni 47. Zilikuwa nyingi, wala Bibi hakusema ni chache. Tumbo liliuma tena Ijumaa mbili zilizofuata, kisha likawa linauma mara moja moja. Mara nyingine Petro alikwenda bandani kama zamani. Lakini sasa alipokwenda, Bibi alijua ni kwa sababu gani, akamngoja mlangoni bila kumwita.

Na mama hakuuliza tena "Hujambo?" Aliuliza, "Una jambo gani leo?" Siku nyingine jambo lilikuwa zito, nao wakakaa kimya kidogo, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake. Siku nyingine Petro ndiye aliyeuliza, na mama akamwambia ya kuwa leo miguu inamwuma, au ya kuwa ametamani machungwa ya nyumbani. Ijumaa ya sita jambo lilikuwa la mbuzi. Alikuwa amekula daftari la hesabu lote, likabaki jalada, na Mwalimu hakusadiki mpaka alipoonyeshwa meno katika jalada lile. Mama akacheka hata akamwamsha yule mtoto, na Petro akasema, "Mwimbie, mama. Mimi nangoja." Naye akangoja, simu sikioni, mpaka wimbo ukaisha.