Mashua moja, bei tatu: tuelewe ubaguzi wa bei kabla ya kuulalamikia

Hapa pwani bei mbili si jambo geni. Mgeni analipa kiingilio chake na mwananchi chake. Anayenunua gunia ana bei yake na anayenunua robo ana yake. Mwenye gari kubwa akishuka mbele ya duka la vinyago, bei inapanda kabla hajafungua mdomo. Msimu wa watalii ukifika malalamiko huwa mengi, na yote hutupwa katika kapu moja: "wanatubagua." Naona kapu hilo lina vitu vitatu tofauti, na tusipovitenga tutapigia kelele kisichotuumiza na kukinyamazia kinachotuumiza.

Wanauchumi hukiita kitendo hiki ubaguzi wa bei, yaani kuuza kitu kile kile kwa bei tofauti, hali ya kuwa gharama ya kukitoa haitofautiani kiasi hicho. Mwingereza Arthur Pigou, katika kitabu alichokitoa mwaka 1920, aliugawa katika daraja tatu. Ukitaka kuzishika bila taabu, jiulize swali moja: muuzaji anajua nini kuhusu mnunuzi?

Tuchukue mfano wa nahodha wa Lamu mwenye mashua ya kuwapeleka watu Manda na kuwarudisha. Hesabu hizi nimezitunga ili tuelewane. Kila abiria anamgharimu shilingi 300 za mafuta na maji ya kunywa. Siku hiyo wamekuja watu saba. Wageni wawili wako tayari kutoa hadi 3,000 kila mmoja. Wenyeji wawili wenye kazi nzuri wanaweza kutoa hadi 1,500. Wenyeji watatu, vijana wa chuo, hawapiti 1,000.

Kwanza tumlazimishe atumie bei moja kwa wote. Akiweka 1,000 anabeba wote saba na faida yake ni 4,900. Akiweka 1,500 anabeba wanne na anabaki na 4,800. Akiweka 3,000 anabeba wageni wawili tu, lakini faida inafika 5,400. Nahodha anayejua hesabu atachagua 3,000. Wenyeji watano watabaki gatini wakiangalia mashua ikienda nusu tupu. Bei moja kwa wote inasikika kama haki, na hapa ndiyo iliyowafungia wenyeji nje.

Daraja la kwanza ni pale muuzaji anapomjua kila mtu na mfuko wake. Nahodha anamtoza kila mgeni 3,000, kila mwenye kazi 1,500, kila mwanafunzi 1,000. Wote saba wanasafiri na yeye anabaki na 9,900. Angalia lakini jambo moja: hakuna abiria aliyeokoa hata senti. Kila mmoja ametoa mwisho wa uwezo wake, na raha yote ya biashara imekwenda kwa nahodha.

Katika maisha halisi daraja hili halifikiwi kikamilifu, kwa sababu mfuko wa mtu hauonekani. Muuza leso anayekataa kutaja bei mpaka akuangalie viatu, akusikie lafudhi na akuulize umetoka wapi, anajaribu kulifikia. Kupatana bei ndiyo kazi yake hiyo: kila mmoja anatafuta mwisho wa mwenzake. Ndiyo sababu mama zetu walitufunza tusionyeshe kwamba kitu tumekipenda. Siku hizi mwenye kukaribia zaidi ni kampuni ya simu, maana inajua unatumia dakika ngapi, unaishiwa na bando saa ngapi na mara ya mwisho ulinunua la bei gani. Ndugu wawili wakikaa kochi moja na kufungua ofa zao binafsi, wanaweza kukuta bei tofauti kwa megabaiti zile zile.

Daraja la pili ni la muuzaji asiyejua nani ni nani. Anajua tu kwamba watu hawalingani, basi anatandaza vifurushi na kuwaacha wajichague wenyewe. Tuseme nahodha wetu hawezi kuwatambua wageni. Anafunga turubai nusu ya mashua na nusu nyingine anaiacha juani. Wenyeji wamezoea jua, kwao ni sawa tu. Wageni wanaliogopa, na kukaa juani wasingelipa zaidi ya 1,800.

Anaweka nafasi ya juani kwa 1,000. Je, ya kivulini aiweke 2,800? Hapana. Mgeni akilipa 2,800 kwa kitu anachokithamini 3,000 anaokoa 200, na akikaa juani kwa 1,000 anaokoa 800. Atahamia juani, na nahodha atabaki na zile 4,900. Basi anashusha kivuli hadi 2,100, ambapo mgeni anaokoa 900 na anabaki kivulini kwa hiari yake. Faida sasa ni 7,100 na wote saba wamesafiri. Ni pungufu ya daraja la kwanza, kwa sababu asiyejua hana budi kumwachia mnunuzi kitu ili ajitambulishe mwenyewe.

Hapa kuna siri ambayo wengi hawaioni. Turubai lilitosha mashua nzima. Nahodha hakuliacha nusu kwa kukosa kitambaa. Aliliacha ili jua limtishe mwenye pesa asikae pale. Mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliliona jambo hili mwaka 1849 kwenye mabehewa ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alieleza kwamba kampuni haikumchukia maskini wala haikushindwa kugharamia mbao. Ilitaka anayeweza kulipa daraja la pili asivutwe na bei ya tatu. Maskini aliloa mvua ili tajiri aogope.

Kumbuka hilo unapopanda treni yetu ya SGR. Nauli ya Mombasa na Nairobi ilipopandishwa Januari 2024, daraja la kawaida likawa 1,500 na la kwanza 4,500. Sehemu ya tofauti hiyo ni gharama, maana behewa la kwanza lina viti vichache zaidi. Lakini treni ni moja na saa ya kufika ni moja, na sidhani kiti kipana kinagharimu mara tatu. Tofauti inayobaki ndiyo daraja la pili la Pigou likifanya kazi.

Daraja hili lina mlango mwingine, nao ni wa kipimo: anayechukua kingi anapunguziwa. Tuseme kilo ya sukari ni 160 na robo ni 45. Anayenunua robo nne kwa siku nne amelipa 180 kwa kilo ile ile. Shilingi chache kati ya hizo 20 ni za karatasi na kazi ya kupima. Zilizobaki analipishwa kwa kukosa 160 kwa mkupuo mmoja. Hapa mwenye kibarua cha siku ndiye anayelipa zaidi kuliko mwenye mshahara, na hakuna anayepiga kelele, kwa kuwa hakuna kibao kilichoandikwa "bei ya maskini".

Daraja la tatu muuzaji hamjui mtu bali analijua kundi lake. Nahodha anaomba kitambulisho: mgeni 3,000, mwananchi 1,000. Kwa nini mwananchi asiwe 1,500? Kwa sababu wenyeji wawili kwa 1,500 wanampa 2,400, na watano kwa 1,000 wanampa 3,500. Faida yake jumla ni 8,900. Mwanafunzi amesafiri, na mwenye kazi ameokoa 500 kwa kuwa tu yuko kundi moja na asiye na pesa. Ngome ya Yesu ina viingilio vya namna hii: raia, mkaazi wa Afrika Mashariki na mgeni kutoka nje kila mmoja ana chake, na watoto hulipa pungufu.

Ndilo daraja linalolalamikiwa kuliko yote, kwa sababu limeandikwa mlangoni. Lakini kwa hesabu zetu ndilo lililowatoa wenyeji gatini na kuwaachia chenji mfukoni. Kasoro yake ni kwamba kundi si mtu. Mgeni kijana aliyekuja na begi mgongoni anatozwa kama tajiri, na tajiri wa Nairobi mwenye kitambulisho anapita kwa bei ya mwanafunzi.

Tahadhari mbili. Si kila bei tofauti ni ubaguzi. Sukari ikiwa ghali Faza kuliko Mombasa, kuna lori na boti zilizolipwa njiani. Nauli ikipanda siku za Idi kwa kila abiria, huo ni uhaba wa viti. Mtu hajatengwa na mwenzake. Ubaguzi unaujua pale tofauti ya bei inapoizidi tofauti ya gharama.

Pili, ubaguzi hauishi pale wanunuzi wanapoweza kuuziana. Mwananchi angeweza kumpa mgeni tiketi yake, bei mbili zingekufa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana kitambulisho huangaliwa mlangoni. Sukari haina kitambulisho. Majirani wanne wakichanga 40 kila mmoja, wananunua kilo kwa 160 na kugawana robo robo. Kila mmoja ameokoa shilingi tano, na akifanya hivyo kila siku kwa mwezi ni 150.

Sheria nayo ina mpaka wake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 24, inaihesabu kuwa kosa kampuni iliyotawala soko ikiwawekea wafanyabiashara masharti tofauti katika miamala inayolingana. Muuza leso anayepatana na wewe hatawali soko lolote. Ukimwona ghali, duka la pili liko hatua kumi.

Kwa hiyo tunapobishana juu ya bei mbili, mimi nauliza maswali mawili. Kwa bei moja, nani angebaki gatini? Na chenji inabaki kwa nani? Kibao cha mlangoni kinaniambia wazi bei yangu na ya mwenzangu, na naweza kukipinga mbele ya diwani. Robo ya sukari na ofa ya simu hazina kibao, na anayelipa zaidi hana hata habari. Mjadala wa pwani ungeanzia hapo.