Acheni kudanganya watu eti tiketi ya Ujerumani inapanda treni yoyote

Wasee, wiki hii nimeiona tena ile vidio. Msee amesimama stesheni huko Ujerumani, nyuma yake treni ndefu nyeupe inateleza, na yeye anasema: "Euro 63 tu kwa mwezi, unazunguka nchi nzima, treni yoyote." Huko chini watu wanaojiandaa kwenda, wa uuguzi, wa chuo, wa mafunzo ya kazi, wote wanaandika asante. Sasa shida ni hii: hiyo treni nyeupe nyuma yake ndiyo hasa huwezi kuipanda na hiyo tiketi. Ametumia picha ya faini kutangaza ofa.

Najua kwa sababu mwaka jana nilimwamini mtu kama yeye. Nilikuwa opea, yaani unaishi na familia ya Wajerumani, unawasaidia na watoto, wanakupa chumba, chakula na euro 280 za mfukoni kwa mwezi. Familia yangu ilikuwa Mainz. Tiketi yenyewe, ile inaitwa Deutschlandticket, ilikuwa euro 58 wakati huo. Ilianza Mei 2023 ikiwa 49, na tangu Januari 2026 ni 63. Bado ni bei poa sana kwa kile inachokupa. Sijakuja hapa kuitukana.

Jumamosi moja nilikuwa natoka Köln kurudi Mainz. Nilipanda treni ya RE5 hadi Koblenz, ambako ningebadilisha na kushika RE2 ya kwenda Mainz. RE5 ikachelewa, RE2 ikaniacha. Nimesimama hapo Koblenz na njaa, mara inaingia treni nyeupe yenye mstari mwekundu, na ubao unasema Mainz. Nikajiambia, si ni treni? Si inaenda Mainz? Si nina tiketi ya nchi nzima? Nikapanda. Nikakaa dirishani naangalia mto Rhine na zile ngome za zamani juu ya vilima, naona nimeyapatia maisha.

Mkaguzi akaja. Akaangalia simu yangu, akatikisa kichwa, akasema neno moja polepole kama anamfundisha mtoto: Nahverkehr. Maana yake ni usafiri wa karibu. Halafu akaonyesha kiti nilichokalia na kusema: Fernverkehr, usafiri wa mbali. Nikapewa karatasi ya euro 60. Hiyo ni karibu elfu tisa za kwetu, kutoka kwa mfuko wa 280. Na hakuwa ananionea. Kanuni inasema ukipatikana bila tiketi inayokubalika unalipa nauli ya safari hiyo mara mbili, na haiwezi kuwa chini ya 60.

Kuna watu najua tayari wanaandika "ni ubaguzi huo". Manze, ubaguzi upo, nimeuona, na siwezi kukuambia haupo. Lakini siku hiyo haukuwa huo. Hata Mjerumani aliyezaliwa Koblenz angepewa karatasi ile ile na tiketi ile ile.

Sasa sababu yenyewe, ambayo hakuna mtu wa vidio anaisema. Watu wengi wanadhani ile treni nyeupe inakataa tiketi ya bei rahisi kwa sababu ina kasi. Hapana. Ile niliyopanda ilikuwa IC, inapita reli ile ile ya kando ya mto kama RE2, na hadi Mainz ingenipunguzia dakika chache tu. Tofauti ni nani analipa ili treni itembee. Treni za RE, RB na S-Bahn zinaagizwa na majimbo. Serikali za majimbo ndizo zinaamua treni ipite wapi, mara ngapi kwa saa, na zinalipa kampuni inayoiendesha. Nauli yako ni sehemu tu ya hesabu. Deutschlandticket imejengwa juu ya huo mfumo, na kwa sababu bei yake iko chini sana, serikali kuu na majimbo yanatenga euro bilioni 3 kwa mwaka kufidia kampuni hizo pesa wanazokosa.

ICE na IC haziko kwenye hicho kikapu. Zile zinaendeshwa kibiashara, kampuni inabeba hasara na faida yake yenyewe, na inategemea kuuza tiketi za safari. Ukikaa mle na Deutschlandticket, pesa yako haijafika kwa hiyo treni hata senti. Fikiria umelipa nauli ya matatu ya Nakuru, halafu unaingia kwenye shatoli ya sako nyingine kwa sababu zote zinapita Naivasha. Makanga wa shatoli atakuuliza hiyo risiti ni ya nani. Barabara ni moja, lakini biashara ni mbili.

Ndiyo maana nasema jina lenyewe lilichaguliwa vibaya. "Tiketi ya Ujerumani" linakuambia nchi, halikuambii aina ya treni. Mgeni atasoma ramani, kumbe alipaswa kusoma herufi.

Herufi ndizo hizi. Kwenye ubao wa stesheni, kwenye apu na ubavuni mwa treni, kila safari ina herufi kabla ya namba. RE, RB na S ziko ndani ya tiketi yako, daraja la pili. Ndani pia kuna U-Bahn, tramu na mabasi ya mji. ICE, IC na EC ziko nje. FlixTrain, zile za kijani, ziko nje pia hata kama nauli yao huwa chini, kwa hivyo usiwaze kwamba "rahisi" na "rahisi" lazima zielewane. Halafu rangi isikudanganye. Treni nyingi za majimbo ni nyekundu, lakini kampuni tofauti zinapewa njia tofauti, kwa hivyo utakutana na za manjano, bluu, nyeupe pia. Soma herufi.

Lakini usingoje ufike kwenye jukwaa ndipo uanze kusoma, kwa sababu pale una baridi, una mizigo, na treni inasimama dakika mbili. Angalia nyumbani. Ukifungua DB Navigator au bahn.de na uandike Köln hadi Mainz bila kugusa kitu kingine, mfumo unakuletea safari za haraka kwanza, na hapo ICE na IC zimejaa. Haujui wewe una tiketi gani. Ndani ya mipangilio ya utafutaji kuna sehemu mbili zinazofanana, na hapa ndipo watu wanaumia. Moja inasema `Deutschland-Ticket vorhanden`. Hiyo inamaanisha tu unaiambia apu kwamba unayo tiketi. Bado itakuonyesha ICE, ila bei itahesabu ile sehemu ambayo tiketi yako haifiki. Nyingine inasema `Nur Deutschland-Ticket-Verbindungen`. Neno la kukumbuka ni `Nur`, yaani "tu". Ukiwasha hiyo, safari zisizokubalika zinatoweka.

Fanya hivyo kwa safari yangu ile. Kabla ya kuwasha, unaona treni za saa moja na dakika arobaini na kitu. Ukiwasha, zinabaki kama RE5 halafu RE2, karibu saa mbili na nusu, au RB26 inayotoka Köln hadi Mainz bila kubadilisha lakini inasimama kila kijiji. Hiyo RB26 ndiyo ningepanda pale Koblenz. Ilikuwa inakuja nyuma. Pia fungua kila safari uone treni zote ndani yake, kwa sababu safari moja inaweza kuanza na RE na katikati ikakurusha kwenye IC. Ramani za simu za kawaida zinapenda sana mchezo huo.

Kuna IC chache ambazo kwa kipande fulani zinakubali tiketi hii, kwa sababu jimbo limelipia kipande hicho. Inayojulikana zaidi ni kati ya Bremen na Norddeich Mole kule kaskazini. Utaona treni imeandikwa IC na pia RE. Kama chujio la `Nur` limekuonyesha IC ya namna hiyo, panda kwa amani, lakini mwisho wa kipande ndio mwisho wa tiketi. Usichukue huo mfano ukaupeleka Koblenz.

Na kuchelewa? Hili lilinichoma zaidi. Nilimwambia mkaguzi RE5 ndiyo ilinikosesha, na rafiki zangu wa darasa la lugha waliniapia kwamba treni ikichelewa dakika 20 unaruhusiwa kupanda ICE. Kuna haki ya namna hiyo kwa tiketi za kawaida: unanunua ya ICE, kisha unadai pesa yako urudishiwe. Lakini Deutschlandticket imetolewa kwenye haki hiyo, kwa hoja kwamba bei yake imepunguzwa sana. Treni yako ikichelewa, unangoja nyingine ya aina yake. Naona si haki kwa mtu mwenye zamu ya usiku hospitalini, na wabunge wao wanaweza kuibadilisha. Lakini leo ndiyo kanuni, na yeyote anayekuambia tofauti si yeye atakayelipa.

Kama umeshaingia kwenye treni isiyo yako, usitulie. Kwa ICE na IC apu inakubali kununua tiketi hadi dakika 10 baada ya treni kuondoka. Mkaguzi hauzi tena tiketi mle ndani. Mimi zile dakika 10 nilizitumia kupiga picha za ngome.

Na wale wanaofundisha watu "jifanye mgeni, jifanye hujui Kijerumani", tafadhali nyamazeni. Kupanda kwa makusudi bila kulipa ni kosa la jinai kule, linafika hadi mwaka mmoja jela kwenye sheria. Mtu aliyekosea mara moja hulipa 60 yake na yanaisha. Mtu aliyefanya hiyo tabia mara tatu ana faili, na yuko nchi ya watu kwa viza. Wewe unahesabu vyuzi, yeye anahesabu siku za kibali.

Mimi nilishuka Mainz saa moja jioni. RB26 ilifika baada yangu kidogo. Nikiwa bado nimesimama jukwaani nasoma ile karatasi, niliwaona watu wakishuka na tiketi kama yangu.