Nyama ya soya si nyama ya maabara

Mama mmoja wa Chita ameniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi. Alinunua pakiti ya nyama ya soya alipokwenda Ifakara, akaiunga na nyanya, watoto wakaifurahia. Jirani yake alipoiona akamwambia, "Dada, usiwape watoto, hiyo ndiyo ile nyama inayooteshwa maabara, nimeiona kwenye simu." Tangu siku hiyo pakiti imekaa kabatini.

Mama, itoe kabatini. Jirani yako amechanganya vitu viwili tofauti kabisa.

Nyama ya soya haina nyama hata kidogo. Soya hukamuliwa mafuta, na unga unaobaki huchanganywa na maji kisha husukumwa ndani ya mashine yenye joto kali na mgandamizo. Unapotoka kwenye tundu la mashine, maji yaliyomo hugeuka mvuke ghafla na unga hufura. Ndiyo maana vile vipande vina vitundu kama sponji na hutafunika kama nyama. Hukatwa, hukaushwa na kufungwa.

Nyama ya kukuzwa ni nyama kweli, kwa maana kwamba imetokana na seli za mnyama. Wataalamu huchukua seli chache za kuku au ng'ombe, wakaziweka kwenye tangi la chuma lenye joto kama la mwili, ndani ya maji yenye sukari, chumvi, vitamini na viini vya protini. Seli hugawanyika na kuongezeka, kisha huvunwa. Nchi ya kwanza kuruhusu iuzwe ilikuwa Singapo, Desemba 2020, na ilikuwa ya kuku.

Lakini seli zinazovunwa hivyo ni kama rojo. Hazina nyuzi za mnofu wala mfupa. Ili ziwe kipande cha kutafuna, mara nyingi huchanganywa na protini za mimea. Mwaka 2024, kampuni ya Good Meat ilianza kuuza huko Singapo pakiti ya gramu 120 ambayo seli za kuku zilikuwa asilimia 3 tu. Piga hesabu: ni gramu 3.6, chini ya kijiko cha chai. Karibu yote yaliyobaki yalitokana na mimea. Kwa hiyo hata huko kwenye maabara, jina la mbele ya pakiti halikwambii umekula nini. Orodha ya viambato nyuma ndiyo inayosema.

Sasa turudi kwenye sufuria yako. Gramu 100 za vipande vikavu vya soya zina protini kama gramu 50, na hapo ndipo wengi hudanganyika kwamba inaipita nyama kwa mbali. Hatuli vikavu. Vikiloweka hunywa maji na kufikia kama gramu 300, na ile protini ni ileile. Kwa hiyo gramu 100 za vilivyoloweka zina kama gramu 17, wakati nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta ina kama 20. Tofauti si kubwa.

Tofauti kubwa iko kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni vitamini B12, inayosaidia kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Soya haina, isipokuwa kiwanda kimeiongeza, na kikiongeza kwa kawaida kitaiandika kwenye pakiti. Hata seli za kwenye tangi haziwezi kujitengenezea B12. Zitakuwa nayo ikiwa tu imetiwa kwenye yale maji. Cha pili ni madini ya chuma. Soya inayo ya kutosha, ila mwili wa mtoto huyapata kwa shida kuliko yale ya nyama.

Kwa hiyo, mama, ukiona pakiti yako haitaji B12, siku nyingine za wiki wape watoto dagaa, perege, kambale au yai. Siku ya soya, kamulia limao au wape chungwa baada ya kula, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, kwa sababu inayazuia.

Angalia pia kama orodha inataja chumvi na viungo. Kama vimo, onja mchuzi kwanza kabla ya kutia chumvi yako. Na mtoto akitokwa na vipele, akivimba midomo au kutapika muda mfupi baada ya kula soya, acha kumpa na umpeleke kituo cha afya. Akihema kwa shida, usisubiri hata kidogo.

Jirani naye mkaribishe, muisome pakiti pamoja. Tukutane wiki ijayo.